Nusu iliyomo ndani ya ½mv² inatoka wapi?

*Mwalimu, shikamoo. Tumepewa elektroni inayokwenda kwa 0.99c, tulinganishe nishati yake ya mwendo na nishati yake ya utulivu. Kwa ½mv² nimepata 0.49 ya mc². Kwa kuwa tuliambiwa masi huongezeka, nikabadilisha m kuwa γm, nikapata 3.47. Kitabu kinasema 6.09. Nimekosea wapi? Na kama kitu hakiwezi kuupita mwanga, nishati tunayoendelea kukipa inakwenda wapi?*

Marahaba. Kitabu kiko sahihi, na hesabu zako zote mbili umezifanya bila kukosea tarakimu hata moja. Kosa limejificha kwenye ile nusu. Umeichukua ½ kama sehemu ya kanuni isiyoguswa, ukabadilisha kilichobaki. Lakini nusu hiyo ina asili yake, na asili hiyo haipo tena chembe inapokaribia mwendo wa mwanga. Nimesahihisha karatasi nyingi zenye 3.47 hiyohiyo, na wengi walioiandika walikuwa wamefikiri vizuri kuliko waliokariri jibu. Kwa hiyo nitakaa kwenye nusu hiyo kwa muda.

Anza na kazi. Kazi ni kani mara umbali. Kani ni momentamu inayoongezwa kila sekunde, na umbali ni mwendokasi mara muda. Ukizidisha viwili hivyo, muda unakatana na muda, na kinachobaki ni hiki: nishati inayoingia kwenye chembe kwa kila msukumo mdogo ni mwendokasi iliyonao wakati huo, mara momentamu iliyoongezwa na msukumo huo. Kanuni hii haimtegemei Newton wala Einstein. Inasimama kwa wote wawili. Wanachotofautiana ni uhusiano wa momentamu na mwendokasi.

Sasa chora grafu. Weka momentamu p kwenye mstari wa chini na mwendokasi v kwenye mstari wa wima. Kila msukumo ni ukanda mwembamba uliosimama: upana wake ni momentamu iliyoongezwa, kimo chake ni mwendokasi wa wakati ule. Nishati yote ya mwendo ni jumla ya kanda hizo, yaani eneo lililo chini ya mchoro.

Kwa Newton p = mv, kwa hiyo mchoro ni mstari ulionyooka kutoka sifuri, na eneo lililo chini yake ni pembetatu. Eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo: ½ × p × v, na ukiweka p = mv unapata ½mv². Nusu inatoka hapo tu. Ni nusu ya pembetatu, na itakuwepo maadamu mstari umenyooka.

Katika nadharia ya uhusianifu momentamu ni p = γmv, ambapo γ ni 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha (1 − v²/c²). Mstari wetu unaanza ukiwa umenyooka kama wa Newton, kisha unapinda, kisha unalala karibu sambamba na mstari wa chini, kwa sababu v haiwezi kuvuka c ilhali p inaweza kuongezeka bila kikomo. Eneo lililo chini ya mchoro wa namna hiyo si pembetatu tena. Linakaribia kuwa mstatili wenye kitako p na kimo c, uliokatwa kona moja ya juu kushoto.

Ulipoweka γm mahali pa m uliirekebisha momentamu sawasawa. Ncha ya mwisho ya mchoro, p na v za chembe iliyokwisha kufika 0.99c, uliipata bila kosa. Kisha ukaibakiza nusu, na kwa kuibakiza ukawa umechora mstari ulionyooka kutoka sifuri hadi kwenye ncha hiyo, ukapima pembetatu. Eneo lote lililo kati ya mstari huo na mchoro halisi uliopinda likabaki nje. Eneo hilo ndilo 2.6 na kitu ya mc² uliyopungukiwa.

Usinikubalie kwa maneno. Pima eneo hilo kwa kikokotoo cha kawaida. Tutumie vipimo vyepesi: momentamu tuihesabu kwa mc, mwendokasi kwa c, nishati kwa mc². Ukigeuza p = γmv ili kupata mwendokasi kutoka momentamu, inakuwa:

```
v = p / √(p² + 1)
```

Kwa 0.99c, γ ni 7.089, na momentamu ni γ mara 0.99, yaani 7.018. Gawa mstari wa chini katika kanda saba zenye upana wa 1, na kwa kila ukanda chukua mwendokasi wa katikati yake, yaani pale p ilipo 0.5, 1.5, 2.5 na kuendelea hadi 6.5. Utapata 0.45, 0.83, 0.93, 0.96, 0.98, 0.98 na 0.99. Jumla ni 6.12. Kimebaki kipande chembamba cha 0.018 mwishoni, chenye eneo la karibu 0.02. Jumla kuu ni 6.14. Kwa kanda saba tu tayari uko ndani ya asilimia moja ya jibu la kitabu, na ukizifanya nyembamba zaidi utashuka hadi 6.09.

Tazama tena zile namba saba. Ukanda wa kwanza pekee ndio ulio mfupi sana. Kuanzia wa tatu, kila ukanda una kimo kinachokaribia 1, kwa hiyo kila kipimo kimoja cha momentamu unachoongeza kinakugharimu karibu kipimo kimoja kizima cha nishati. Mwendokasi umekoma kukua, lakini bei ya kila msukumo imebaki kamili.

Ukijumlisha kanda zote zikiwa nyembamba mno, eneo linatoka hivi:

```
K = γmc² − mc² = (γ − 1)mc²
```

Kwa elektroni yetu ni 7.089 toa 1, yaani 6.089 mara nishati ya utulivu. Nishati ya utulivu ya elektroni ni 0.511 MeV (MeV moja ni elektronivolti milioni moja), hivyo nishati yake ya mwendo ni karibu 3.11 MeV. Kuna namna nyingine ya kuandika jibu hilohilo ambayo naipenda zaidi, kwa sababu inaonyesha kilichoipata nusu:

```
K = p·v × γ / (γ + 1)
```

Chembe ikienda polepole, γ ni karibu 1, na γ/(γ + 1) ni nusu: umerudi kwenye pembetatu. Chembe ikiukaribia mwanga, γ ni kubwa, na γ/(γ + 1) inakaribia 1: umefika kwenye mstatili. Kwa 0.99c sehemu hiyo ni 0.876. Zidisha kwa p·v, ambayo ni 7.018 mara 0.99, upate 6.09. Kumbe ulichohitaji ni kuondoa 0.5 na kuweka 0.876.

Kuhusu lile neno kwamba masi huongezeka, ningekushauri uliweke kando. Waalimu wengi walilitumia zamani, na linafanya kazi vizuri kwa momentamu, kwa kuwa γm mara v inatoa p sahihi. Lakini linamvuta mtu kuamini kwamba kanuni yoyote ya Newton inaweza kuponywa kwa kuandika γm mahali pa m, na nishati ya mwendo ni mfano wa wazi kwamba haiwezekani. Wanafizikia wanaofanya kazi na chembe leo huiita m masi moja isiyobadilika, ya elektroni iwe imetulia au inakimbia, na γ huiacha ijitegemee.

Sasa swali lako la pili. Nishati haipotei, na hilo limepimwa waziwazi. Mwanafizikia William Bertozzi wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts alilifanyia jaribio ambalo ripoti yake ilichapishwa mwaka 1964. Aliharakisha elektroni kwa nishati za mwendo za 0.5, 1, 1.5, 4.5 na 15 MeV, akapima muda zinaotumia kusafiri umbali wa mita 8.4. Mwanga huumaliza umbali huo kwa nanosekunde 28.0.

Elektroni za 0.5 MeV zilichukua nanosekunde 32.3. Zile za 4.5 MeV zina nishati mara tisa, na kwa ½mv² zilipaswa kwenda kasi mara tatu na kufika kwa karibu nanosekunde 11. Zilichukua 28.4. Zile za 15 MeV, zenye nishati mara thelathini ya zile za kwanza, zilichukua 28.0, na saa zake hazikuweza tena kuzitofautisha na mwanga.

Mtu mwenye shaka angeuliza: huenda mashine haikuzipa elektroni nishati iliyodaiwa? Hapo ndipo jaribio hili linaponifurahisha. Bertozzi aliziacha elektroni zigonge kisahani cha alumini, akapima kisahani kimepata joto kiasi gani na kimepokea chaji kiasi gani. Chaji inakuambia ni elektroni ngapi zimefika, na joto linakuambia zimeleta nishati kiasi gani, hivyo ukigawa unapata nishati ya kila moja. Alifanya hivyo kwa 1.5 na kwa 4.5 MeV, na joto lilikubaliana na nishati ya mashine ndani ya takriban asilimia 10. Elektroni za 4.5 MeV zilikuwa na kasi ya asilimia tatu hivi tu zaidi ya zile za 1.5, lakini kila moja ilipasha kisahani joto karibu mara tatu. Nishati ilikuwemo ndani ya chembe zenyewe, ikaonekana pale zilipogonga.

Kama nishati imo na mwendokasi haubadiliki, basi kuna kingine kinachobadilika, nacho ni momentamu. Ipo mashine ambako jambo hilo linaonekana kwenye sumaku: ile ya maabara ya fizikia ya CERN karibu na Geneva, yenye pete ya kilomita 27, iitwayo LHC. Protoni huingia humo zikiwa na GeV 450 (GeV moja ni MeV 1,000), kisha husukumwa hadi GeV 6,800. Nishati ya utulivu ya protoni ni GeV 0.938. Zinapoingia, γ yao ni karibu 480, na mwendokasi wao uko chini ya mwanga kwa mita 650 hivi kwa sekunde. Zinapomaliza, γ ni karibu 7,250, na tofauti na mwanga imebaki chini ya mita 3 kwa sekunde. Nishati imekua mara kumi na tano, na mwendokasi umeongezeka kwa sehemu mbili hivi katika kila milioni.

Lakini sumaku zinazoipindisha njia ya protoni hizo ili zisitoke nje ya pete haziwezi kubaki zilivyokuwa. Nguvu ya sumaku inayohitajika kuzungusha chembe kwenye duara lilelile inalingana na momentamu, si mwendokasi. Kwa hiyo uga wa sumaku za LHC hupandishwa kutoka tesla 0.54 hadi karibu 8.1 wakati protoni zinaongezwa nishati. Hiyo pia ni mara kumi na tano. Zingeachwa na uga wa mwanzo, protoni zingetoka njiani na kugonga ukuta wa bomba. Waendeshaji wa mashine hawahitaji kuamini kanuni p = γmv kwa imani. Wasipoifuata, mzunguko unakatika.

Nishati na momentamu zinafungwa pamoja na mlinganyo ambao nakusihi uufanye desturi yako ya kukagua majibu:

```
E² = (pc)² + (mc²)²
```

E hapa ni nishati yote, ya utulivu na ya mwendo pamoja. Kwa elektroni yako, E ni 7.089 na pc ni 7.018, zote kwa vipimo vya mc². Vipeo vyao vya pili ni 50.25 na 49.25. Tofauti ni 1, kama inavyopaswa. Ukiona tofauti si 1, kuna namba umeikosea, na unalijua hilo kabla hujafungua ukurasa wa majibu. Jaribu kwa 3.47 yako: ukiongeza 1 ya utulivu, E inakuwa 4.47, kipeo chake cha pili ni karibu 20, ilhali cha momentamu peke yake ni 49. Haiwezekani momentamu iwe kubwa kiasi hicho kwa nishati ndogo hivyo.

Angalia pia usichanganye E na K. Kwa 0.99c, anayeandika 7.09 badala ya 6.09 ametoa nishati yote, akasahau kuondoa ya utulivu. Kwenye LHC kosa hilo halionekani, maana 0.938 mbele ya 6,800 si kitu. Lakini chukua protoni za kutibu uvimbe wa saratani, ambazo wanasema zina kama 200 MeV. Hiyo ni nishati ya mwendo. Mtu akiiweka kama E kwenye mlinganyo wa juu, 200 ni ndogo kuliko 938, na momentamu inatoka kama kipeuo cha namba hasi. Kikokotoo kikikuandikia kosa mahali hapo, hakijaharibika: umekipa nishati yote iliyo ndogo kuliko nishati ya utulivu, jambo lisilowezekana. Fanya sawasawa, yaani γ = 1 + 200/938 = 1.213, na unapata mwendokasi wa 0.566c.

Hesabu hiyo ya mwisho ndiyo njia ambayo mimi huanza nayo karibu kila mara: gawa nishati ya mwendo kwa nishati ya utulivu. Jibu likiwa dogo kuliko 0.007, chembe bado iko kwenye sehemu iliyonyooka ya mchoro wetu, na ½mv² inakosea kwa takriban asilimia moja au chini ya hapo. Likifika 1, maana yake nishati ya mwendo imelingana na ya utulivu, γ ni 2 na mwendokasi ni 0.866c. Likiwa kubwa kama 10 au zaidi, unaweza kuitendea chembe karibu kama mwanga na kuandika E ≈ pc.

Uwiano huo ndio unaoamua, si nishati peke yake wala jina la chembe. Ile 3.11 MeV ya elektroni yako, ukimpa protoni, uwiano ni 3.11 gawanya kwa 938, yaani 0.0033. Protoni hiyo inakwenda 0.081c tu, na Newton anaihesabu kwa kosa la nusu asilimia. Na ukiitaka protoni ifike 0.99c, uwiano utakuwa uleule 6.09, kwa kuwa γ haijali masi, ila sasa utalipa MeV 5,713.

Jambo moja la kikokotoo kabla sijakuacha, kwa sababu litakupata siku moja. Kanuni (γ − 1)mc² ni sahihi kwa kila mwendo, hata kwa kitu kinachokwenda mita 300 kwa sekunde. Lakini hapo γ ni 1.0000000000005, na kikokotoo cha tarakimu kumi kitaiandika 1, kisha kitakuambia nishati ya mwendo ni sifuri. Fizikia haijakosea, tarakimu zimekatwa. Tumia ile nyingine, p·v × γ/(γ + 1), ambayo haina kutoa namba mbili zinazokaribiana, nayo itakupa jibu zuri kwa mwendo wa polepole na wa 0.99c pia. Upande wa pili, chembe ikiwa karibu mno na mwanga, usitafute v yenyewe. Tafuta imepungukiwa kiasi gani, kwa 1 − v/c ≈ 1/(2γ²). Hivyo ndivyo nilivyopata zile mita chini ya 3 kwa sekunde za LHC: γ ya 7,250 inatoa pungufu ya karibu 9.5 katika bilioni moja, na ukiizidisha kwa mwendo wa mwanga inabaki mita 2.85 hivi.